Picha tupu hazipungui, au wanyama wanapotea: kutatua matatizo ya kuchuja picha za kamera za mtego

Kadi imerudi kutoka porini na ndani yake kuna picha 48,000. Unafungua za mwanzo: majani, majani, kivuli, majani, mgongo wa nyani, majani. Kihisi cha kamera hakimjui mnyama. Kinachojua ni kwamba kitu chenye joto tofauti na mazingira kimesogea mbele yake, na nyasi zilizochomwa na jua la saa saba mchana, upepo ukizitikisa, zinatimiza sharti hilo vizuri kabisa. Katika mkusanyiko wa Snapshot Serengeti, mradi wa kamera za mtego kwenye hifadhi ya Serengeti, takriban robo tatu ya picha zilikuwa tupu, na kamera moja iliyotazama nyasi ndefu inaweza kupita hapo kwa mbali.

Ndiyo maana watu wanazipitisha picha kwenye MegaDetector, modeli ya kompyuta inayotafuta wanyama kwenye picha, kabla ya mtu yeyote kukaa kuzikagua. Modeli hii haitaji spishi. Inachora kisanduku mahali inapodhani kuna kitu, inakipa namba ya aina (1 mnyama, 2 mtu, 3 gari), na inaweka alama ya uhakika kati ya 0 na 1. Mimi naipendelea kuliko kiainishi kinachojibu tu "tupu" au "si tupu" kwa picha nzima, kwa sababu mambo yakiharibika kisanduku kinakuonyesha modeli ilikuwa inatazama nini. Karibu utatuzi wote ulio hapa chini unategemea visanduku hivyo.

Amri yenyewe ni fupi:

```
python -m megadetector.detection.run_detector_batch MDV5A picha matokeo.json --output_relative_filenames --recursive
```

Inazaa faili moja ya JSON, na kila picha ina maelezo yake humo. Picha zenyewe haziguswi, na zibaki hivyo. Neno "kutupa" katika kazi hii liwe na maana ya kuziweka picha kando zisikaguliwe. Ukizifuta, kila kosa nitakalolieleza hapa linakuwa la kudumu.

Dalili: karibu kila picha imeonekana ina mnyama

Umeendesha amri, umeandika skripti yako ya kugawa, na kati ya picha 48,000 zilizobaki za kukagua ni 45,000. Mtu anakata shauri kwamba modeli haifai. Kabla ya kufika huko, tazama mstari wa skripti unaoamua. Mara nyingi umeandikwa hivi: kama orodha ya `detections` si tupu, picha ina mnyama.

Tatizo ni kwamba toleo la 5 la MegaDetector linaandika kwenye JSON kila kisanduku chenye alama kuanzia 0.005. Hapo modeli imenong'ona tu, haijasema. Picha ya majani matupu inaweza kubeba visanduku vinne vya 0.01 na 0.03. Wamevihifadhi makusudi, ili uweze kubadilisha kizingiti, yaani alama ya chini kabisa unayoikubali, baadaye bila kuendesha modeli upya. Kukata ni kazi yako.

```python
import json

KIZINGITI = 0.2

with open("matokeo.json", encoding="utf-8") as f:
    data = json.load(f)

tupu, zina_kitu, mbovu = [], [], []
for p in data["images"]:
    if p.get("failure"):
        mbovu.append(p["file"])
        continue
    juu = max((d["conf"] for d in p["detections"]), default=0)
    if juu >= KIZINGITI:
        zina_kitu.append(p["file"])
    else:
        tupu.append(p["file"])

print(len(tupu), len(zina_kitu), len(mbovu))
```

Angalia kwamba skripti haiulizi namba ya aina. Ukichuja kwa aina ya 1 peke yake, watu na magari wataangukia kwenye tupu, na pamoja nao wataanguka wanyama ambao modeli iliwadhania watu, jambo linalotokea kwa nyani aliyekaa wima. Watu watenganishwe baadaye, kwenye folda yao, kwa sababu picha zao hazipaswi kuzunguka ovyo.

Dalili: wanyama wanaoonekana waziwazi wamo kwenye tupu

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza na inatisha zaidi. Unafungua folda ya tupu, na picha ya tatu ina swala mzima, mchana kweupe, katikati ya picha. Modeli haimkosi mnyama wa namna hiyo kirahisi, kwa hiyo anza kushuku mambo yaliyoizunguka.

La kwanza ni kizingiti kilichorithiwa. Toleo la 4 lilikuwa na desturi ya kutoa alama za juu, na watu walizoea kukata kwenye 0.8 hivi. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2022, linapima kwa mizani nyingine, na mahali pa kuanzia ni karibu na 0.2. Skripti iliyoandikwa enzi za toleo la 4 ikipewa matokeo ya toleo la 5 inaendelea kufanya kazi bila malalamiko, huku ikitupa kila mnyama aliyepata 0.6. Fungua JSON umtafute yule swala. Akiwa na kisanduku kizuri chenye 0.55, umeshapata mwizi.

La pili ni majina. Kamera nyingi huanza kuhesabu kwa majina kama `IMG_0001.JPG`, na kadi ikijaa folda moja, ya pili nayo inaanza upya. Kama skripti yako inashika jina la faili peke yake, bila njia ya folda, matokeo ya kamera ya pili yanafunika ya kamera ya kwanza, na swala wa kamera 7 anapewa hukumu ya majani ya kamera 12. Hili linagundulika kwa hesabu tu: tupu, zenye kitu na mbovu zikijumlishwa lazima zifikie idadi ya faili zilizoko kwenye diski. Zikipungua, kuna majina yamemezana. Dawa ni kutumia njia nzima ya faili kila mahali, na ukinakili picha kutoka kwenye kadi kila kamera ipewe folda yake.

La tatu ni zile mbovu zenyewe. Kadi inayokaribia kufa hutoa faili zilizokatika nusu: juu picha, chini kijivu. Faili isiyofunguka huandikwa `failure` na haina visanduku. Skripti isiyouliza swali hilo itakwama, au itaihesabu kama tupu. Haikuwa tupu, haikusomwa. Zikiwa nyingi na zote ni za kamera moja, badilisha kadi ya kamera hiyo.

Dalili: kizingiti ni sahihi, lakini kamera moja inajaza folda

Sasa tuje kwenye tatizo linalokula muda kuliko yote. Kamera kumi na tisa zimechujika vizuri, ya ishirini imebakiza picha 2,300, na ukizifungua zote zinaonyesha kisiki kilekile. Modeli imeamua ni mnyama aliyelala. Mwanga ukibadilika alama inapanda na kushuka, 0.24, 0.41, 0.33, lakini kisiki hakiondoki.

Kishawishi ni kupandisha kizingiti hadi kisiki kipotee. Usifanye hivyo: ukikata kwenye 0.45 ili kuua kisiki kimoja, umeua pia kila digidigi wa mbali katika kamera zote ishirini.

Angalia badala yake visanduku vyenyewe. Kila kisanduku kina namba nne za `bbox`: kingo ya kushoto, kingo ya juu, upana na urefu, zote zikiwa sehemu ya picha nzima. Kisiki chetu kina `[0.62, 0.41, 0.08, 0.12]`. Kwenye picha ya pikseli 2048 kwa 1536 maana yake ni kitu cha upana wa pikseli 164 hivi na urefu wa 184, kinachoanza pikseli 1270 kutoka kushoto. Picha inayofuata ina `[0.62, 0.41, 0.08, 0.12]`. Ya mia moja ina `[0.63, 0.41, 0.08, 0.12]`. Hakuna mnyama mwenye nidhamu hiyo.

Kwa hiyo ndani ya kila kamera tafuta visanduku vinavyokaribia kulaliana kabisa na vinavyojirudia zaidi ya mara kadhaa, tuseme ishirini. Kifurushi cha MegaDetector kina zana za kazi hii chini ya `repeat_detection_elimination`. Zinachofanya ni kukutolea picha moja ya mfano kwa kila kisanduku kinachojirudia, unazipitia kwa macho, unaondoa zile ambazo kweli ni mnyama, na zinazobaki ndizo zinazofutwa kwenye matokeo. Badala ya kukagua picha 2,300 unakagua picha moja ya kisiki na nyingine chache.

Hatua ya macho usiiruke. Kuna wanyama wanaokaa: ndege anayeatamia, mnyama anayelala kivulini pale pale siku nzima, mzoga unaoliwa kwa siku tatu. Wote hao wanajirudia kama kisiki. Na kumbuka kinachofutwa ni kisanduku, si picha. Chui akipita mbele ya kisiki, picha ile ina visanduku viwili, na cha chui kinabaki.

Zana hizi zinashindwa pale kamera inaposogea. Tembo akiigusa kidogo, au mkanda ukilegea, kisiki kinahamia `[0.55, 0.47, ...]` na kuhesabiwa upya kama kitu kipya. Kamera iliyofungwa kwenye mti mwembamba inayumba kila siku, na visanduku vyake havilingani kabisa. Hapo hakuna ujanja wa programu. Funga kamera kwenye mti mnene.

Dalili: wanaopotea wote ni wadogo, wa mbali, au wa usiku

Hapa kasoro si ya skripti, na hakuna mstari mmoja wa kurekebisha. Kabla ya kutazama picha, modeli huipunguza hadi upande mrefu uwe na pikseli 1280. Nguchiro aliyekuwa na upana wa pikseli 30 kwenye picha ya pikseli 2048 anabaki na 19 hivi. Kamera inayojinadi kwa megapikseli nyingi haikuokoi, maana nyingi kati yake zinakuza picha ndogo kwa hesabu tu, na hata kama zisingekuza, modeli ingeipunguza tena.

Usiku ni shida nyingine. Mwanga wa infraredi haufiki mbali, na kilicho nyuma ya hapo ni macho mawili yanayong'aa gizani. Binadamu akiona nukta mbili zilizopangana anasema "fisi" bila kusita. Modeli inatoa 0.08. Mnyama aliye karibu mno naye hupotea, kwa namna ya ajabu: ubavu wa nyati uliojaza picha nzima, umeunguzwa na mwanga, hauna umbo la mnyama yeyote. Mijusi na kenge nao ni dhaifu, kwanza kwa modeli, na kabla ya hapo kwa kihisi, kwa kuwa joto lao halitofautiani sana na la ardhi waliyolalia.

Dawa yenye faida kubwa kuliko zote haigusi modeli. Kamera nyingi hupangwa kupiga picha tatu kwa mfululizo. Mnyama akikoswa kwenye picha ya pili kwa sababu amegeuza mgongo, huenda alionekana kwenye ya kwanza. Kwa hiyo amua kwa tukio, si kwa picha: panga picha za kila kamera kwa muda, zile zilizopishana kwa chini ya sekunde 60 zihesabiwe tukio moja, na kama picha moja ndani yake imevuka kizingiti, tukio zima linabaki. Utabeba picha tupu kidogo zaidi, lakini mkaguzi anayeona mfululizo mzima hufanya kazi haraka kuliko anayeona vipande. Angalia tu saa ya kamera. Betri zikikatika nyingine hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na ghafla picha za vipindi viwili tofauti zinachanganyika kuwa matukio ya uongo.

Kama bado unakosa wadogo, kuna `run_tiled_inference`, inayokata picha vipande ili kila kipande kitazamwe kwa ukubwa wake. Inachukua muda mrefu zaidi kwa kila picha na inaleta makosa mengi ya majani, kwa hiyo naitumia kwa kamera chache zenye sababu.

Utajuaje kwamba imefaa?

Tuchukue picha zetu 48,000. Baada ya kurekebisha kizingiti, majina na visanduku vinavyojirudia, lakini kabla ya kukusanya kwa matukio, 39,000 zimekwenda kwenye tupu na 9,000 zimebaki. Umezikagua hizo 9,000 na kukuta 6,500 zina wanyama kweli. Swali ni wangapi wamelala ndani ya zile 39,000.

Chota picha 300 kwa bahati nasibu kutoka kwenye tupu, uziangalie kwa makini, ukikuza pembeni na penye giza. Tuseme umekuta mbili zenye mnyama. Mbili kwa 300 ni kama asilimia 0.7, na watu wengi wanafungia hesabu hapo wakiwa na furaha. Lakini mbili kwa kila 300 katika 39,000 ni picha 260. Ukilinganisha na 6,500 ulizopata, umekosa takriban 4 katika kila 100 zenye wanyama. Makosa yapimwe kwa idadi ya wanyama. Ukiyapima kwa idadi ya majani yataonekana madogo kila mara, kwa sababu majani hayana mwisho.

Tena hiyo 260 ni makadirio ya sampuli ndogo. Mbili kwa 300 inaweza kutoka hata kama ukweli uko popote kati ya picha 30 hivi na 900 na kitu. Hata ungekuta sifuri, usingeweza kusema hakuna: sifuri kwa 300 inakuruhusu tu kudai kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, waliokosekana hawazidi kama asilimia 1, yaani picha 390.

Kwa hiyo usiishie kwenye namba. Angalia zile mbili zilitoka wapi. Katika mfano wetu zote ni za kamera 14, inayotazama mteremko wa mawe, na zote ni digidigi waliosimama mbali. Kamera hiyo ina picha tupu 1,900. Chota 100 za kwake peke yake: tisa zina digidigi. Hapo una kama picha 170 katika kamera moja, yaani karibu theluthi mbili ya makadirio yako yote yamekaa sehemu moja. Sampuli ya jumla ilikuwa na picha kama 15 tu za kila kamera, isingeweza kukuonyesha hilo kwa uzito wake.

Sasa una la kufanya. Shusha kizingiti cha kamera 14 peke yake hadi 0.1, endesha uondoaji wa visanduku vinavyojirudia ili mawe yasirudi yamevaa ngozi ya digidigi, kisha kusanya kwa matukio. Ukichota tena 100 kutoka kwenye tupu mpya na kukuta moja au hakuna, acha hapo. Ukikuta sita, huenda kizingiti si tatizo tena: wale digidigi wana alama ndogo sana au hawana kisanduku kabisa, na utawapata kwa kukata picha vipande au kwa kukagua kamera hiyo yote kwa macho. Picha 1,900 za kamera moja iliyotulia, ukizipitisha haraka kama sinema, jicho linashika kinachosogea, na ni kazi ya asubuhi moja.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kupanga vizingiti vya kila kamera: hesabu upya zile tisa kwa matukio. Kama saba kati yake ni za mifululizo ambayo picha nyingine tayari iko kwenye 6,500, digidigi wale umeshawaandika, na ulichopoteza katika sampuli hiyo ni matukio mawili. Kwa anayetafuta kama digidigi wapo mahali fulani, hilo halibadilishi kitu. Kwa anayehesabu mara ngapi wanapita, mawili ni mawili, na kamera 14 iandikwe kwenye daftari kwamba ilichujwa kwa kizingiti chake.